Sentensi moja ya sikoseli kwenye wasifu wangu

Mwenyekiti wa kikao alisoma wasifu wangu polepole, sauti yake ikizidi kushuka kila alipokaribia mwisho. Alipofika kwenye sentensi ya mwisho aliinua macho akanitazama, kisha akarudi kwenye karatasi: "Licha ya kusumbuliwa na ugonjwa wa sikoseli tangu utotoni, ameweza kuhariri vitabu zaidi ya arobaini." Ukumbi ukawa kimya. Halafu yakaja makofi, yale marefu ya kumtia mtu moyo. Nilikuwa bado sijafungua mdomo.

Siku hiyo nilikuwa nimeandaa mada ya dakika 20 kuhusu makosa ya upatanisho wa ngeli katika vitabu vya sayansi vya shule za msingi. Nilikuwa na mifano niliyoikusanya kwa miezi. Ulipofika muda wa maswali, mtu wa kwanza aliniuliza napata wapi nguvu. Wa pili alisema shangazi yake alipona kwa dawa ya majani na angenipa namba ya mganga. Wa tatu hakuuliza kitu, alisimama tu akasema, "Dada, pole sana, Mungu akutie nguvu." Wote walikuwa na nia njema. Ila hakuna aliyeuliza chochote kuhusu ngeli, na nilirudi kwenye kiti changu nikiwa nimebeba mifano yangu yote kama nilivyokuja nayo.

Sentensi ile niliiandika mwenyewe. Hakuna aliyenilazimisha. Ndiyo maana naandika haya, kwa sababu najua kuna mwenzangu mahali fulani, mwenye sikoseli, kifafa, kisukari, uoni hafifu au maradhi mengine ya kudumu, ambaye usiku huu ameombwa atume wasifu wa maneno mia moja na amekwama palepale nilipokwama mimi.

Nianze na jinsi nilivyoiandika. Waandaaji walitaka wasifu kufikia saa mbili asubuhi. Nilikuwa nimetoka hospitali wiki moja kabla, bado mwili haujakaa sawa, na nilikuwa nimechoka kuficha. Kwa miaka kumi ya kazi ya uhariri na ufasiri nilikuwa nimepotea hewani mara nyingi bila kueleza, na nilijua wateja wananisema. Nikaona niseme wazi ili waelewe. Hapohapo nikamkumbuka kijana mmoja tuliyekuwa tukikutana naye kliniki, aliyeniuliza kama kweli mtu mwenye sikoseli anaweza kufanya kazi ya ofisini. Nikaona akisoma wasifu wangu atapata jibu. Na kwa siri kidogo, nilitaka waandaaji wajue kwamba kiyoyozi cha ukumbini kingenidhuru.

Tazama mambo niliyoyatwika sentensi moja. Nilitaka wateja wanielewe ninapochelewa, kijana wa kliniki apate moyo, na mtu apunguze baridi ukumbini. Hakuna hata moja lililotimia. Mteja hakuweza kujua kutoka kwenye sentensi ile afanye nini nikiugua katikati ya kazi. Yule kijana hakuwepo ukumbini wala hasomi makabrasha ya makongamano. Na fundi wa kiyoyozi hakupewa wasifu wangu. Nilikaa chini ya baridi kali siku nzima nikiwa nimejifunga kanga mbili.

Kwa wasioujua ugonjwa huu, nieleze kwa ufupi, maana bila hivyo hoja yangu haitaeleweka. Chembe nyekundu za damu yangu, zikipungukiwa oksijeni, hugeuka umbo na kupinda kama mundu, ndiyo maana wengine huuita selimundu. Zikishapinda hukwama kwenye mishipa midogo, na sehemu iliyokosa damu huuma maumivu ambayo sitajaribu kuyaeleza hapa. Yanaweza kuchochewa na upungufu wa maji mwilini, baridi, homa au uchovu mkubwa. Lakini kati ya kipindi kimoja cha maumivu na kingine nafanya kazi kama mtu mwingine yeyote. Mwaka wangu wa kawaida una vipindi vitatu au vinne vibaya, na kimoja hivi ndicho hunilaza. Wasifu unasomwa siku zote 365. Ugonjwa unaokuja na kuondoka, ukiuandika kwenye karatasi isiyobadilika, msomaji anakuona mgonjwa kila siku.

Matokeo ya kikazi yalikuja taratibu. Mchapishaji mmoja niliyefanya naye kazi kwa miaka minne alikuwa ameniahidi kitabu cha kiada cha kurasa 212, malipo Sh. 1,900,000. Baada ya kongamano kukawa kimya. Nilipopiga simu kuuliza, mhariri msimamizi, mama mmoja ninayemheshimu, aliniambia kwa sauti ya upole kabisa: "Tumeona tusikuchoshe, mwanangu. Kazi ile ina haraka, tumempa kijana mwingine. Wewe pumzika." Sikuwa nimeomba kupumzika. Nilikuwa mzima siku hiyo, nimekaa mezani na kalamu nyekundu mkononi. Nilimshukuru, nikakata simu, nikalia. Hakunibagua kwa chuki, na hilo ndilo lililonisumbua zaidi, kwa sababu huruma haina mahali unapoweza kuilalamikia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza mwajiri kumbagua mtu kwa ulemavu au hali yake ya VVU, lakini mimi nafanya kazi ya kujitegemea, na simu ambayo haikupigwa huwezi kuipeleka popote.

Jambo ambalo sikuliwaza hata kidogo lilitokea nyumbani. Kabrasha la kongamano lilisambazwa kwa faili la PDF kwenye makundi ya WhatsApp, na likamfikia shangazi wa kijana aliyekuwa amepeleka posa kwa mdogo wangu, naye akauliza kama mdogo wangu pia anaubeba ugonjwa huo. Sikoseli hurithiwa. Mtoto huupata ugonjwa akirithi kinasaba cha sikoseli kutoka kwa baba na kutoka kwa mama, kwa hiyo kuandika jina la ugonjwa wangu ni kutangaza kwamba baba na mama yangu wote wawili wanacho kinasaba hicho, na kwamba ndugu zangu wanaweza kuwa nacho bila kuugua. Mimi niliona naandika habari zangu. Kumbe nilikuwa naandika habari za watu watano.

Mama alinipigia jioni. Hakufoka. Alisema tu, "Mwanangu, ungetuambia kwanza." Nilimwelewa. Baba alikuwa hajawahi kulisema jambo hilo hata kwa kaka zake.

Niseme pia, kwa haki, kwamba swali la yule shangazi lilikuwa na maana. Wachumba kupima damu kabla ya ndoa ni jambo jema sana. Kama wote wawili wana kinasaba, kila mimba ina uwezekano wa moja kwa nne wa kuzaa mtoto mwenye ugonjwa. Mdogo wangu alipima, mchumba wake naye akapima. Yeye alionekana anacho kinasaba kimoja, mchumba wake hana kabisa, na ndoa ikafungwa. Ameniruhusu kuyaandika haya. Lakini mazungumzo yale yalikuwa yao wawili, wayaanze wenyewe kwa wakati wao. Yalianzishwa na kabrasha langu. Kwa hiyo kama maradhi yako ni ya kurithi, kabla hujatuma wasifu wapigie simu watu wa nyumbani. Usiwaombe ruhusa kama mtoto, waambie tu kinachokwenda kuchapishwa na wapi, uwasikilize. Mimi simu hiyo ingenigharimu dakika kumi.

Nikaamua kuifuta sentensi. Kwenye tovuti za watu wawili niliowafanyia kazi haikuwa shida, niliandika barua pepe na wakabadilisha siku ileile. Waandaaji wa kongamano walichelewa wiki tatu. Niliwaandikia mara ya pili nikawakumbusha kwa adabu kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti, na kwamba sasa ningependa ziondolewe. Wakapandisha faili jipya. Hata hapo, kwa siku kadhaa ukitafuta jina langu kwenye Google ulikuwa bado unaiona sentensi ya zamani chini ya kiungo. Kuna ukurasa wa Google uitwao `Refresh Outdated Content`, unabandika anwani ya ukurasa uliobadilishwa na neno lililoondolewa, nao wanasasisha. Unafanya kazi tu baada ya ukurasa wenyewe kuwa umebadilishwa, usianze nao. Lakini lile faili la WhatsApp halirudi. Mpaka leo liko kwenye simu za watu nisiowajua.

Baada ya hapo niliingia kwenye kosa la pili, na kwa kweli lilinigharimu zaidi ya la kwanza. Niliamua kwamba sasa sisemi chochote, kwa mtu yeyote, kwa njia yoyote. Wasifu wangu ukawa safi. Nikaugua Machi, nikamwambia mteja nina malaria. Nikaugua Mei, malaria tena. Mwezi Juni nikaenda Arusha kwenye warsha ya siku tatu, na Arusha ya Juni wanaoijua wanaijua. Sikuomba chumba chenye joto, sikuomba kukaa mbali na mlango, sikunywa maji ya kutosha kwa sababu nilikuwa naona aibu kutoka kwenda msalani kila saa. Usiku wa pili maumivu yalianzia kiunoni, yakashuka mapajani. Nililazwa siku nne. Prufu za kitabu, zile kurasa za kusahihishwa mara ya mwisho kabla ya kuchapwa, zilikuwa kwangu, kiwanda cha uchapaji kilikuwa kinasubiri, na hakuna mtu mwingine aliyekuwa na faili.

Mteja alipiga simu mara kumi na moja. Mdogo wangu ndiye aliyepokea mwishoni, na kwa kuwa nilikuwa nimemkataza kusema, naye akasema malaria. Yule bwana alisema neno moja ambalo mdogo wangu aliniambia baadaye: "Tena?"

Nilipopata nafuu nilimfuata ofisini kwake nikamweleza ukweli wote. Alikaa kimya, kisha akasema, "Dada, ningejua tungepanga. Mimi sikuhitaji kujua unaumwa nini. Nilihitaji kujua prufu ziko wapi." Sentensi hiyo ndiyo iliyonifungua macho. Yeye kama mteja hakuwa na haja ya jina la ugonjwa. Alikuwa na haja ya mpango. Na mpango haukai kwenye wasifu, unakaa kwenye mkataba.

Kuanzia hapo nilitenganisha karatasi tatu ambazo awali nilikuwa nazichanganya kuwa moja, na hili ndilo ninalotaka msomaji aondoke nalo hata akisahau mengine.

Ya kwanza ni mkataba. Kila mkataba ninaosaini sasa una kifungu hiki, na hakuna mteja aliyewahi kukikataa: "Iwapo mhariri atapata dharura ya kiafya, yeye au msaidizi wake atamjulisha mteja ndani ya saa 24. Sura zilizokamilika zitakuwa zimekabidhiwa tayari kwa utaratibu wa kila wiki, na muda wa kukabidhi sura zilizobaki utaongezwa kwa siku zisizozidi saba za kazi." Siri ya kifungu hicho ni yale maneno ya kila wiki. Nikiugua leo, mteja anazo kazi zote mpaka Ijumaa iliyopita, hasubiri kitabu kizima kilichofungwa kwenye kompyuta yangu. Nina mwenzangu mhariri ambaye tumekubaliana kushikiana, na anajua neno la siri la kabrasha la faili. Hapo sijataja sikoseli popote. Mtu mwenye kipandauso au mwenye mtoto mgonjwa angeweza kukitumia kifungu hichohicho.

Ya pili ni barua kwa waandaaji wa shughuli. Naituma wiki mbili kabla, peke yake, siibandiki kwenye wasifu, maana wasifu utapigwa chapa na barua itabaki kwa mtu mmoja. Naandika hivi: "Kwa sababu za kiafya naomba kiti kisicho chini ya kiyoyozi, maji ya kunywa mezani wakati wote, nafasi karibu na mlango ili niweze kutoka bila kusumbua watu, na chumba cha ghorofa ya chini au jengo lenye lifti." Mambo manne, kila moja linatekelezeka na mtu anayelipokea. Niligundua kwamba nikitaja ugonjwa, watu hushughulika na ugonjwa: wananiuliza kama niko salama kusafiri, wananiuliza kama daktari ameruhusu. Nikitaja kiti na maji, wananiletea kiti na maji. Wakijibu kwa kuuliza naumwa nini, nasema, "Ni hali ya kudumu inayodhibitiwa, nikipata hayo manne niko sawa." Mpaka sasa hakuna aliyeendelea kuuliza zaidi ya hapo.

Ya tatu ndiyo wasifu wenyewe, na kwa miaka miwili wasifu wangu haukuwa na neno lolote la afya. Nilikuwa na amani hivyo. Watu wengi wangeishia hapo, na hakuna ubaya. Ila mambo mawili yalinifanya niufikirie upya.

La kwanza ni rafiki yangu mmoja, msanifu wa vitabu, kiziwi. Yeye ameandika kwenye mstari wa pili kabisa wa wasifu wake: "Ni kiziwi na anatumia Lugha ya Alama ya Tanzania. Kwa kazi, mwandikie ujumbe, hapokei simu." Nilimuuliza kwa maandishi kama hilo halimkoseshi kazi. Akanijibu, "Linanikosesha kazi za watu wanaopenda kupiga simu. Hao tungegombana tu." Kwake maneno yale yana kazi: msomaji akishayasoma anajua afanye nini, aandike asipige. Tena neno lenyewe hajalipamba. Nilimwuliza kwa nini hatumii maneno laini kama asiyesikia vizuri, akasema chama chao kinaitwa Chama cha Viziwi Tanzania, na neno lililotosha kuwa jina la chama linamtosha na yeye. Bubu analikataa, kwa sababu ana lugha.

Hapo nilianza kuyatazama maneno kama mhariri. Sentensi yangu ya kwanza ilikuwa na matatizo ambayo ningeyaona mara moja kwenye kazi ya mtu mwingine. "Licha ya" inamwambia msomaji kwamba alitarajiwa kushangaa. Inaweka ugonjwa upande mmoja na kazi upande mwingine, kana kwamba vitabu arobaini ni muujiza. "Kusumbuliwa na" inaomba pole, na Mswahili ukimwomba pole atakupa, ni malezi yake. "Ameweza" linafanya kazi ileile kwa siri. Ukisema mtu ameweza kuhariri vitabu, umeshasema ilidhaniwa hawezi. Na "mgonjwa wa sikoseli", ambayo nimeiona kwenye wasifu za wenzangu, kwa masikio yetu ina maana ya mtu aliyelala kitandani leo hii. Neno lililonikaa vizuri ni "mwenye" au "anaishi na". Tumeshalizoea: tulikuwa tukisema mwathirika wa UKIMWI, sasa tunasema mtu anayeishi na VVU, tuliacha zeruzeru, tunasema mtu mwenye ualbino. Kwenye vikundi vyetu tunaitana mashujaa wa sikoseli na napenda tukiitana hivyo, lakini silitumii neno hilo kwa mtu anayetafuta mhariri wa kitabu cha hesabu.

Jambo la pili lililonibadilisha ni kazi yenyewe. Niliombwa kufasiri vipeperushi vya kliniki kwa wazazi wenye watoto wa sikoseli. Rasimu ya Kiingereza ilisema mzazi amzuie mtoto asipate baridi. Mfasiri wa kwanza alikuwa ameandika "epuka ubaridi". Mimi niliandika, "Akitoka kuoga, mkaushe na umvalishe mara moja. Usimwache acheze na nguo zilizolowa." Nililijua hilo kwa mwili wangu, kwa sababu mama alikuwa akinikimbiza na taulo uani kila jioni. Pale uzoefu wangu ulikuwa sehemu ya sifa za kazi, kama vile shahada yangu. Aliyenipa kazi ile, kama angejua mapema, angekuwa na sababu nzuri zaidi ya kunichagua. Na mzazi anayesoma kipeperushi ana haki ya kujua kwamba aliyekiandika anaijua kliniki ile kutoka upande wa benchi la kusubiri.

Kwa hiyo sasa nina wasifu mbili. Wa kazi za kawaida unasema hivi: "Ni mhariri na mfasiri wa Kiswahili mwenye uzoefu wa miaka 14, hasa katika vitabu vya kiada vya sayansi na hisabati kwa shule za msingi. Hufundisha waandishi wapya upatanisho wa kisarufi na uteuzi wa istilahi. Anaishi Dar es Salaam." Basi.

Wa kazi za afya unasema: "Ni mhariri na mfasiri wa Kiswahili mwenye uzoefu wa miaka 14. Hufasiri vipeperushi na miongozo ya wagonjwa, akijikita katika magonjwa ya damu. Ana sikoseli, na amehudhuria kliniki tangu utotoni. Huzijaribu rasimu zake kwa wazazi kabla hazijachapwa. Anaishi Dar es Salaam."

Angalia sikoseli ilipokaa. Haikuwekwa mwishoni, mahali ambapo mwenyekiti hushusha sauti na ukumbi hubaki nayo. Imekaa katikati, imezungukwa na kazi pande zote mbili, na mara baada yake linakuja jambo ninalolifanya. Kabla ya kutuma huwa namwomba mdogo wangu ausome kwa sauti, kwa sababu wasifu wa kongamano husomwa kwa sauti na mtu asiyekujua. Akisoma na sauti yake ikabadilika mahali, nalihariri neno la mahali hapo.

Wasifu hizi mbili nazijua kwamba zinaweza kukutana. Mteja wa vitabu vya hesabu akitafuta jina langu ataukuta ule wa afya. Nililifikiria hilo kwa miezi kabla ya kuutuma wa pili kwa mara ya kwanza, nikazungumza na wazazi, na baba ndiye aliyesema, "Kama ni kwa ajili ya watoto wa kliniki, andika." Sikuwa na haraka. Ukweli ni kwamba kuongeza sentensi mwaka kesho ni rahisi, kuifuta ya jana nimeshakueleza ilivyokuwa. Ungekuwa ndiyo kwanza unaanza kazi, huna wateja wanaokujua, ningekushauri usubiri mpaka kazi zako ziwe nyingi kuliko neno hilo moja. Hilo ni oni langu, na yule rafiki yangu msanifu halikubali. Anasema yeye asingeweza kusubiri hata siku moja kwa sababu simu zilianza kulia siku ya kwanza. Yuko sahihi kwa hali yake.

Jambo moja dogo. Miaka michache iliyopita nyonga yangu ya kushoto iliharibika, kichwa cha mfupa wa paja kilikosa damu, na sasa natembea na fimbo. Mpiga picha wa mchapishaji mmoja aliniomba niiweke pembeni ili picha ya wasifu iwe nzuri. Niliiweka. Nilipofika kwenye warsha yao mlango ulikuwa na ngazi 22, na aliyenipokea alishtuka kuniona. Siku hizi fimbo imo kwenye picha, na maelezo hayaitaji.

Mwezi uliopita nilikwenda kuwasilisha vile vipeperushi kwa wauguzi. Kiti changu kilikuwa karibu na mlango, chupa ya maji ilikuwa mezani. Mwenyekiti alisoma wasifu wa afya, hakusita popote, akanikaribisha. Nilipomaliza, muuguzi mmoja mtu mzima alinyosha mkono. Alisema, "Mwalimu, mmeandika selimundu kichwani mwa karatasi, lakini wazazi wanaokuja kwangu wote wanasema sikoseli. Wakiliona hilo neno hawatajua karatasi ni yao." Tulibishana kwa karibu nusu saa, ukumbi mzima ukaingia. Mwishoni tuliandika sikoseli kwa herufi kubwa juu, na selimundu chini yake kwa ndogo.